Video ya ushuhuda ya ushirika wa maziwa: maswali tunayouliza na jinsi tunavyoikata

Viongozi wa ushirika wa maziwa wakitupigia kutaka video ya ushuhuda, karibu kila mara wanakuja na orodha ya watu wa kuhojiwa ambayo inaanza na mwenyekiti, anafuata meneja, mweka hazina, halafu mwisho kabisa "na mwanachama mmoja". Sisi huwa tunaomba hiyo orodha igeuzwe. Mfugaji mnayemtaka ajiunge saa hizi maziwa yake anampa mchuuzi wa pikipiki, na mtu huyo anataka kumsikia mwenzake mwenye ng'ombe wawili kama yeye akimwambia kama hela inaingia kweli.

Na wasiwasi wake unajulikana. Mchuuzi analipa keshi palepale, ushirika unalipa baada ya wiki mbili au mwisho wa mwezi, tena kuna makato. Video ikipita pembeni ya hilo jambo haiaminiki, hata kama picha zimetoka nzuri namna gani.

Nitoe mfano wa kazi moja tuliyofanya kijiji cha juu huku Kilimanjaro, kule ng'ombe wanafugiwa bandani katikati ya migomba. Tulimhoji mama mmoja mwenye ng'ombe wawili, na mwenyekiti akawa amesimama nyuma ya kamera. Dakika kumi na moja nzima mama anashukuru tu, "ushirika umetusaidia sana, tunawashukuru viongozi wetu", hakuna hata sentensi moja ya kutumia. Tukamwomba mwenyekiti kwa heshima atusubiri kwenye kituo cha kupokelea maziwa, tukakaa kwenye benchi na yule mama, nikamuuliza, "Mama, nisimulie siku uliyomwaga maziwa." Akanyamaza kidogo. Halafu akaanza, ilikuwa masika, barabara tope tupu, mchuuzi hakupanda siku mbili, maziwa ya jioni yakaganda na ya asubuhi yakafuata, akawapa ndama na majirani na yaliyobaki akamwaga kwenye shimo la mbolea huku mtoto anadaiwa hela ya shule. Akamalizia mwenyewe bila kuulizwa, "sasa hivi nikishapimiwa pale kituoni nimemaliza, mvua inyeshe isinyeshe." Video yote tuliijenga juu ya hayo maneno.

Kwa hiyo maswali yetu yana mpangilio. Tunaanza na jepesi, leo umeamka saa ngapi na nani kakamuliwa wa kwanza, hapo mtu anataja jina la ng'ombe wake na ulimi unalegea. Halafu, kabla hujajiunga maziwa ulikuwa unampa nani, na alikuwa anakulipa lini? Hilo "lini" lina uzito kuliko "bei gani", maana wachuuzi wengine bei yao iko juu ila maziwa yakiwa mengi wanakopa au hawaonekani kabisa. Baadaye ndio ile siku mbaya. Kisha tunauliza nini kilikufanya usite kujiunga, na kwenye karatasi ya malipo wanakata nini, yaani pumba, dawa, uhimilishaji, chochote kile, aeleze mwenyewe kwa maneno yake. Mwisho tunauliza, jirani yako akikuuliza leo utamwambiaje? "Unajisikiaje kuhusu ushirika" hatuulizi kabisa kwa sababu jibu lake ni shukrani tu.

Kuna swali moja linalowatisha viongozi, nalo ni hili, maziwa yako yamewahi kurudishwa? Naomba mtuachie tuliulize. Kituoni maziwa yananuswa, yanapimwa kwa laktomita kuona kama yameongezwa maji, na yanachanganywa na spiriti kiasi sawa kwa sawa, yakitoa mabonge hayapokelewi. Yule mama alirudishiwa mara moja, akadhani anaonewa, kumbe ng'ombe mmoja alikuwa ameanza ugonjwa wa kiwele na yeye hajajua, bwana mifugo akaja akamtibu. Mfugaji akisikia hivyo anaelewa kwamba kurudishiwa sio kufukuzwa, na mnunuzi wa mjini anaelewa kwamba kinachoingia kwenye tanki kimechujwa.

Maswali yenyewe hatuwatumii wahojiwa neno kwa neno kabla ya siku, tunawapa mada tu, wakikariri inasikika. Na kwa sababu sauti yetu inatolewa, tunamwomba mtu ajibu kwa sentensi kamili, asiseme "minne" aseme "nina miaka minne kwenye ushirika". Mahojiano tunaweka kama saa nne asubuhi, maziwa yameshapelekwa na ng'ombe ameshakula, kabla ya hapo akili yote ya mfugaji iko bandani. Maiki tunaibana kwenye ukosi wa blauzi, ikikaa chini ya kanga inakwaruza na huwezi kuitoa hiyo kelele baadaye. Mashine ya kukatia majani izimwe. Tukiwa kwenye chumba cha tanki tunarekodi pia nusu dakika ya mlio wa kompresa peke yake bila mtu kuongea, hiyo inatusaidia kuziba sehemu tulizokata.

Sasa kwenye kuediti. Maongezi ya dakika arobaini yanatakiwa yawe dakika mbili, na hatuanzi na picha. Tunaandika kila alichosema pamoja na muda wake, tunachagua sentensi, tunazipanga kwenye karatasi moja tu, halafu tunawasomea viongozi kwa sauti. Hapo ndipo pa kubishana, kubadilisha sentensi kwenye karatasi ni dakika tano, kuibadilisha baada ya muziki na rangi ni siku nzima.

Ile ya yule mama ilianza na "mvua inyeshe isinyeshe", ikarudi nyuma kwa mchuuzi na maziwa yaliyomwagwa, ikaja kwenye makato na kurudishiwa, ndio tukaingia kituoni, meneja akapata sekunde kumi na tano za kueleza unajiungaje, ikafungwa na maneno yake kwa jirani. Picha zinakuja juu ya sauti na kazi yake ni kuonyesha kinachosemwa na kuficha tulipokata. Akitaja makato inaonekana karatasi ya malipo, jina na namba tumezififisha. Muziki tuliushusha kabisa pale anapokamua ili ule mlio wa maziwa kwenye ndoo usikike. Kabla ya kutoa tunaangalia pamoja na mpokeaji maziwa wenu, maana jicho lake linaona tusichoona sisi, mara moja alituonyesha dumu la plastiki kwenye kona ya picha wakati ushirika unawasisitiza watu watumie keni za aluminiamu. Tukakiondoa kile kipande.

Chini tunaweka maandishi ya Kiswahili kwa sababu wengi wanaangalia kwenye simu bila sauti. Na tunatoa kipande cha pili cha sekunde thelathini, cha kusimama, kwa ajili ya statasi ya Watsapu, hicho kinabeba ile siku mbaya peke yake.

Mhojiwa anasaini fomu ya ridhaa, tunamsomea, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa sura na sauti ya mtu, na anaona video kabla haijatoka. Yule mama alituomba tutoe kiasi alicholipwa, hakutaka ukoo mzima ujue. Tukatoa namba, tukabakiza tofali alizonunua.

Mkitupigia simu tuandalieni vitu viwili: majina ya wanachama watatu ambao waliwahi kusita kujiunga, na saa ambayo gari linapita kubeba maziwa, maana tunapaswa kuwa tumefika kabla yake.