RISALA YA KIKUNDI KWA MGENI RASMI, SIKU YA ONYESHO LA KWANZA LA FILAMU YETU

Ndugu Mgeni Rasmi,
Wazazi, walezi na waalikwa wote,

Filamu mtakayoitazama ni ya dakika 18. Mimi ndiye mwongozaji, na jina langu litatokea mapema, peke yake, kwa herufi kubwa. Majina ya wenzangu 11 waliofanya kazi bila malipo yatapita mwishoni, kwa herufi ndogo, wakati watu wanatafuta viatu vyao. Kwa hiyo tumeomba nafasi hii tuwataje kabla taa hazijazimwa. Wote nawashukuru, ila ruhusa yako naitumia kueleza kazi ya mmoja, kwa kuwa yake haionekani hata ukikodoa macho. Ni dada yetu wa sauti.

Mgeni Rasmi, ndani ya filamu kuna mama na mwanawe wanaozungumza jikoni. Siku ya kupiga sehemu hiyo, dada huyu alifika, akasimama katikati ya jiko, akafumba macho. Sisi tunapanga taa, yeye anasikiliza. Kisha akachomoa waya wa friji. Friji huunguruma kwa muda, hunyamaza, huanza tena. Mama akisema sentensi moja friji likiwa linanguruma na nyingine likiwa kimya, ukiziunganisha mtazamaji atasikia mngurumo ukikatika ghafla, kama mtu kazima swichi. Halafu akaniomba funguo za gari nililoazima, akaziweka ndani ya friji, juu ya mayai. Nilidhani ananitania. Kumbe mafundi wa sauti wana desturi hiyo: huwezi kuondoka bila funguo, basi huwezi kusahau kurudisha umeme wa friji la watu.

Baada ya hapo alishika fimbo ya maikrofoni juu ya vichwa vya waigizaji kwa muda wa karibu saa nne, mikono ikiwa hewani. Mara mbili nilimwambia apandishe juu kidogo, kivuli kinaingia ukutani. Alikataa kupandisha, akahama upande. Sababu yake niliielewa baadaye: maikrofoni ikitoka nusu mita hadi mita moja kutoka mdomoni, sauti ya mwigizaji hupungua kwa desibeli 6 hivi, wakati kelele za chumba zinabaki palepale. Ukiongeza sauti kwenye kompyuta, na kelele zinapanda pamoja nayo.

Niliposema tumemaliza, kila mtu akaanza kukunja nyaya. Akapaza sauti: “Hakuna kuondoka! Dakika moja ya kimya.” Alitaka waigizaji wabaki vitini, taa zibaki zinawaka, mlango ubaki ulivyokuwa, kwa sababu miili yetu inameza sauti na taa nazo zina mvumo wake. Tukatulia kama tuliopigwa sindano ya ganzi, watu wazima 14, huku yeye akirekodi chumba kikiwa kimya. Nakiri nilikuwa nahesabu sekunde kwa hasira.

Wiki mbili baadaye, kwenye uhariri, tukakuta pikipiki imepita nje katikati ya maneno ya mama, mahali anaponyamaza kabla ya kumjibu mwanawe. Ilikuwa teki yetu bora, na machozi yale hayakuja tena katika teki nyingine. Tukaikata pikipiki. Pakabaki shimo: sekunde mbili za utupu, sikio likashtuka kana kwamba spika imekufa. Mhariri akachukua sekunde mbili kutoka ile dakika ya kimya, akazipachika hapo, shimo likatoweka. Leo hamtalisikia.

Mtakachosikia ni kosa langu. Siku tulipopiga sehemu ya kwenye korido, dada huyu alikuwa mgonjwa, na mimi kwa haraka zangu nikaruka ile dakika moja. Mhariri alilazimika kuokota vipande vya nusu sekunde kati ya maneno na kuvirudiarudia. Mkitega sikio mtoto anapofungua barua, kuna mdundo mdogo unajirudia, tik, tik, tik. Si saa ya ukutani. Korido ile haina saa.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Risala za vikundi huwa na orodha ndefu ya maombi. Letu ni moja: filamu ikiisha, tunakuomba ubaki kwenye kiti chako mpaka jina la mwisho lipite. Wewe ukikaa, ukumbi mzima utakaa. Majina yote yanachukua sekunde 40, na hatukuyawekea muziki. Sauti iliyo chini yake ni ile dakika ya jikoni, watu 14 wakiwa wametulia kimya, na friji limezimwa.

Funguo nilizikuta zina ubaridi.

Naomba kuwasilisha.