YAH: MAJIBU YASIYO SAHIHI KATIKA SURA YA TRIGONOMETRIA

Mwalimu wa Hisabati,
Ngamiani, Tanga.

Meneja Uhariri,
Kampuni ya Uchapishaji.

Ndugu Meneja,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi nafundisha tuisheni ya hisabati kwa Kidato cha Tano na cha Sita hapa Tanga. Kitabu chenu cha mazoezi wanafunzi wangu wengi wanacho, na kwa maswali mengi sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu uko kwenye sura ya pembe maradufu na nusu pembe.

Mfano wenu wa sita unamtaka mwanafunzi atatue 3 sin x − cos x = 1, kwa x kuanzia 0° hadi 360°. Mmetumia t = tan(x/2), yaani sin x ni 2t/(1 + t²) na cos x ni (1 − t²)/(1 + t²). Mkazidisha pande zote kwa 1 + t², mkapata 6t − 1 + t² = 1 + t². Hapo t² ya kushoto ikafutana na ya kulia, ikabaki 6t = 2, na t ikawa 1/3. Kwa hiyo x/2 ni 18.43° na x ni 36.87°. Chini yake mmepiga mstari na kuandika kwamba hilo ndilo jibu pekee.

Sasa wekeni x = 180°. Sin 180° ni 0, cos 180° ni −1, upande wa kushoto unakuwa 0 + 1, sawasawa na 1. Hilo nalo ni jibu, na kitabu hakina habari nalo.

Lilikopotelea panajulikana. Kwa x = 180°, nusu pembe ni 90°, na tan 90° haipo kwa sababu cos 90° ni sifuri. Basi anayeandika t = tan(x/2) amekwishaliweka 180° nje ya mlango kabla hajaanza kukokotoa, na ni wajibu wake kulipima peke yake kwenye mlinganyo wa mwanzo. Dalili mlikuwa nayo mbele ya macho: mlinganyo wa t uliotarajiwa kuwa wa kipeo cha pili umegeuka wa kipeo cha kwanza. Katika a sin x + b cos x = c hilo hutokea pale tu c inapokuwa sawa na −b, na hapo ndipo 180° inapokuwa jibu. Sharti hilo lingetosha mstari mmoja kitabuni.

Binti mmoja darasani alipita njia nyingine, na kwa maoni yangu ni bora kuliko yenu. Aliandika 3 sin x = 1 + cos x, akageuza sin x kuwa 2 sin(x/2) cos(x/2), na 1 + cos x kuwa 2 cos²(x/2). Akahamishia yote upande mmoja, akatoa kigawo cha pamoja:

2 cos(x/2) [3 sin(x/2) − cos(x/2)] = 0

Kigawo cha kwanza kikiwa sifuri, x/2 ni 90° na x ni 180°. Cha pili kinatoa tan(x/2) = 1/3. Hakugawanya kwa cos(x/2), ndiyo maana hakupoteza kitu. Wenzake wakamfungulia kitabu chenu na kumwambia afute 180°. Akakataa, akabonyeza kikokotoo, akawaonyesha 1. Si kila mtoto ana ubishi wa namna hiyo.

Kosa la pili ni la alama. Mmetoa cos x = 7/25, x ikiwa kati ya 270° na 360°, mkauliza cos(x/2). Mmepata cos²(x/2) = 16/25, hilo ni sawa, kisha mkachagua +4/5 kwa maelezo kwamba katika robo ya nne kosini ni chanya. Lakini alama hufuata robo iliyomo x/2, na x/2 hapa iko kati ya 135° na 180°. Jibu ni −4/5.

Naomba mtoe karatasi ya masahihisho ya mifano hiyo miwili, yenye hatua zote na si majibu matupu, na muisambaze kwa wauzaji wenu wa Tanga kabla ya mitihani ya Kidato cha Sita. Toleo lijalo lisahihishwe pia. Anayetaka kurudisha nakala arudishiwe fedha yake. Muuzaji wa hapa amewajibu wazazi kwamba kitabu kikishauzwa hakirudi, na yeye simlaumu, hakukiandika.

Nimeambatanisha nakala za kurasa husika, nikiwa nimezizungushia kalamu nyekundu.

Wako,

Mwalimu wa Hisabati
Ngamiani, Tanga