Yah: Patani yenu ya shati la ofisini saizi 104, rinda la mgongoni mmelihesabu kama nafasi ya kifua

Kwa huduma kwa wateja,

Habari za kazi ndugu zangu. Mimi ni fundi wa nguo za kiume hapa Tandika, Dar es Salaam. Nawaandikia barua kabisa kwa sababu kwenye wasapu kijana wenu alinijibu kwa kifupi tu kwamba mwili wa kastoma wangu ndo una shida, sasa mwili wa kastoma nimeupima mwenyewe na patani yenu nimeipima mwenyewe kwa tepu hiyohiyo, na shida iko kwenye patani. Naomba hii barua imfikie yule anayechora, isiishie kwa anayejibu simu.

Kastoma mwenyewe ni kaka mmoja anafanya kazi benki kule Posta, kifua 104, shingo 41, mwili wa kawaida tu, hana kitambi wala mgongo wa kupinda. Alitaka shati jeupe la populini la kuvalia tai. Nikachukua patani yenu saizi 104 ambayo karatasi yake imeandikwa wazi "fiti ya kawaida, nafasi ya kifua sentimita 16", nikasema safi, 104 jumlisha 16 ni 120, shati la kawaida la ofisini linatakiwa liwe hapohapo. Nikakata, nikashona, akaja kujaribu. Alivyofunga vifungo tu nikaona kifungo cha tatu kinavuta, mikunjo miwili imelala kutoka kwenye kifungo kwenda kwapani kulia na kushoto, na alivyokaa kwenye stuli pale katikati ya kifungo cha pili na cha tatu pakaachia uwazi mpaka singlendi inaonekana. Nikamgeuza. Rinda la mgongoni limefunguka lote, na kasimama tu mikono iko chini, hajanyoosha hata kidole.

Hapo ndo nikajua pa kuangalia, kwa sababu rinda la shati halitakiwi kufunguka mtu akiwa amesimama. Likifunguka maana yake mbele kumebana na kunavuta kitambaa cha nyuma.

Nikatandaza patani mezani. Kwanza kile kiboksi chenu cha kuhakikisha printi, kile cha sentimita 10, nimekipima kimetoka 10 kamili pande zote, kwa hiyo msiniambie karatasi ilisinyaa. Halafu nikapima kwenye mstari wa kifua. Kipande cha mbele, kutoka mstari wa katikati ya vifungo mpaka mshono wa ubavuni, ni 28. Kipande cha nyuma, kutoka kwenye mkunjo wa katikati mpaka ubavuni, ni 32. Ukijumlisha unapata 60, mara mbili 120, na hapo ndo yule aliyechora aliporidhika. Lakini ndani ya ile 32 ya nyuma kuna sentimita 4 za rinda! Rinda lenu ni la boksi, 4 kila upande wa katikati, jumla 8, likikunjwa linatoa boksi la upana wa sentimita 4 ambalo ndo saizi yake nzuri. Ukilikunja kama linavyoshonwa kwenye yoki, nyuma inabaki 28, mbele 28, jumla 56, mara mbili 112. Kwa hiyo nafasi halisi ya kifua ni 8 wala siyo 16. Nafasi ya 8 ni shati la slimu, na kwa populini isiyovutika ni slimu ya kubana kweli. Mtu aliyenunua "fiti ya kawaida" kapewa kitu kingine.

Naona kabisa ilivyotokea. Mmechukua nusu ya kifua, 52, mkaongeza 8 ikawa 60, hapo mko sawa. Kisha badala ya kuigawa 60 yote kati ya mbele na nyuma, mkatoa kwanza 4 ya rinda, ikabaki 56, mkagawa mbili ikawa 28 na 28, ndo mkarudisha ile 4 nyuma. Ilitakiwa mbele 30, nyuma 30, na rinda liongezwe NJE ya mstari wa katikati ya mgongo, kwa hiyo kipande cha nyuma kisome 34 kabla ya kukunja. Rinda haligusi hesabu ya kifua kabisa, linakuja mwisho, mchoro wa mwili ukishamalizika.

Na ushahidi mwingine uko kwenye patani yenu wenyewe. Pimeni mzunguko wa kwapa, mbele, yoki na nyuma, kwenye mstari wa kushona, mtapata 50. Pimeni kichwa cha mkono, 54. Mkono wa shati unatakiwa ulingane na kwapa au uzidi kidogo sana, sentimita moja, moja na nusu hivi, kwa sababu shati siyo koti, halina pedi wala hatulitaki livimbe begani. Zile 4 zilizozidi ni zilezile mlizopunguza ubavuni, 2 mbele na 2 nyuma, maana mkono ulichorwa kwa kwapa la hesabu ya kwanza ya 60 na mwili ukaja kukatwa baadaye bila mtu kurudi kwenye mkono. Mimi hapo nilihangaika kuusinyaza mkono uingie na bado ukatoa vikunjo juu ya bega, kwenye kitambaa cheupe kila kikunjo kinaonekana.

Huenda mtasema rinda nalo ni nafasi, si kitambaa kipo. Kitambaa kipo ndiyo, lakini kazi yake tofauti. Nafasi ya kifua ni ya kupumua, kukaa, kula ukashiba, inatakiwa iwepo muda wote, kuzunguka mwili mzima, mbele kwenye vifungo mpaka ubavuni. Rinda ni la mikono ikienda mbele au juu. Kaka huyu anapanda mwendokasi asubuhi, akishika bomba mifupa ya bega huku nyuma inasogea na mgongo unahitaji upana zaidi kwa muda ule tu, rinda linafunguka, akishusha mkono linajifunga. Na rinda limeshonwa juu kwenye yoki, kwa hiyo linafunguka kuanzia chini ya yoki na liko nyuma tu, haliwezi kuja kuokoa kifungo cha mbele. Sasa nyie mmeshalitumia lote mtu akiwa amesimama, akishika bomba anabaki na nini? Shati linapanda lote linachomoka kwenye suruali, au linachanika kwenye mshono wa kwapa.

Nataka niseme ukweli pia, yoki yenu imechorwa vizuri, sijaona patani nyingi za kununua zenye yoki ya hivyo. Mshono wa bega mmeuleta mbele sentimita 3, kipande kilichotoka mbele kimeunganishwa na cha nyuma vizuri, na kwenye mshono wa chini ya yoki mmetoa sentimita 0.8 upande wa kwapa inayokwenda kuisha kabla ya kufika katikati. Hiyo 0.8 ndo inayofanya mgongo ukae kwenye mfupa wa bega bila kitambaa kuning'inia nyuma ya kwapa, wengi wanaisahau, wanakata mistari miwili iliyonyooka. Anayejua kuweka hiyo anajua kazi. Ndo maana imeniuma zaidi, kwa sababu yoki nzuri hivyo imebebeshwa rinda lililohesabiwa vibaya.

La pili ni shingo, hili ni fupi. Patani ya shingo 41 inatoa stendi ya kola ambayo kutoka katikati ya kifungo mpaka katikati ya tundu ni 41 kamili. Hakuna nafasi hata kidogo! Shingo inapimwa tepu ikiwa imelala kwenye ngozi, kola iliyokamilika inatakiwa izidi sentimita 1.5 mpaka 2, vidole viwili vipite bila kumkaba mtu, na hapo ndani kuna tabaka mbili za kitambaa na gamu. Populini ya pamba isiyofuliwa kabla ya kukatwa inaweza kusinyaa asilimia 2 au 3, kwenye 41 hiyo ni karibu sentimita nzima, kwa hiyo baada ya kufuliwa kola ya huyu kaka itakuwa 40 na shingo yake 41, na joto letu hili la Dar, na tai juu.

Kurekebisha wala siyo kazi kubwa, ila ifanyike sawasawa. Kupata 1.5 ya ziada mnashusha mstari wa shingo kuzunguka kote kwa milimita mbili na nusu tu, mbele, begani na nyuma, kisha stendi na kola zinaongezwa 0.75 kila nusu. Msije mkachimba mbele peke yake kwa sentimita nzima na zaidi, wengine wanafanya hivyo, matokeo yake fundo la tai linashuka chini na nyuma kola bado inabana.

Kwa sasa nimemchorea kaka wa watu shati lingine mwenyewe. Nimelijaribu kwanza kwa kitambaa cha marekani, mbele 30, nyuma 30 na rinda 4 nje, kola 42.5, na mkono wenu nimeutumia vilevile bila kuugusa, kwapa likasoma 54 na mkono ukaingia bila kikunjo. Amesimama rinda limefunga, amenyoosha mikono mbele limefunguka, amekaa vifungo vimetulia. Kwa populini halisi nimeiloweka na kuipasi kwanza ndo nikakata.

Ninachoomba kwenu: mnitumie patani mpya ya saizi 104 iliyorekebishwa kifua na shingo, na mkague saizi zingine za seti hiyo, maana kama hesabu imerudiwa saizi zote basi kila shati lina nafasi pungufu kwa 8. Mnilipe pia kitambaa cha shati lililoharibika, risiti ya duka la Kariakoo nimeambatanisha pamoja na picha za patani ikiwa na tepu juu yake, mbele, nyuma rinda likiwa wazi na likiwa limekunjwa, kwapa na mkono. Na waliokwisha kununua seti hii muwape taarifa, kuna mafundi wanakata oda za harusi kwa hiyo patani, shati moja likikosewa ni hasara ya shati moja lakini kamati nzima ikikosewa fundi anafunga ofisi. Karatasi iandikwe upya pia, nafasi ya kifua isomwe rinda likiwa limekunjwa.

Nasubiri jibu la maandishi.

Fundi wa mashati, Tandika