Barua pepe ya kutuma maombi ya kazi: isirudie yaliyo kwenye viambatisho

Habari zenu wanakikundi. Kabla hamjatuma maombi wiki hii, angalieni sehemu ya kuandikia barua pepe yenyewe. Wengi wanainakili barua ya maombi yote pale, kisha wanaiambatisha tena. Anayepokea anasoma kitu kilekile mara mbili, na ukirekebisha nakala moja ukasahau nyingine, zinapingana.

Kama barua na CV vimeambatishwa, barua pepe inabaki na kazi ndogo: kusema unaomba nafasi gani, umeambatisha nini, na unapatikana vipi. Mfano:

Kichwa: Maombi ya Kazi – Mhasibu Msaidizi – (jina lako)

"Ndugu Meneja Rasilimali Watu,
Naomba nafasi ya Mhasibu Msaidizi mliyoitangaza. Nina uzoefu wa miaka mitatu wa kuandaa mishahara. Nimeambatisha barua ya maombi na CV. Napatikana kwa simu namba…
Wako mwaminifu,"

Hiyo sentensi ya uzoefu ni moja tu, ile inayogusa sharti kuu la tangazo. Shule ulizosoma, orodha ya waajiri, wadhamini na tarehe ya kuzaliwa viacheni humo kwenye CV. Sababu za kuipenda kazi zikae kwenye barua ya maombi.

Ila tangazo likitaka CV peke yake, hapo barua pepe ndiyo barua ya maombi, na aya tatu zinaruhusiwa.

Ambatisha mafaili kwanza, anwani ya mpokeaji ijaze mwisho. Barua inayosema "nimeambatisha" bila kiambatisho ni aibu tunayoiona kila mara.