Mashine ya milioni 12: uweke shilingi ngapi kila mwezi?

Anayetaka kununua mashine ya kukamua alizeti kwa akiba yake kwa kawaida huanza na hesabu ya kugawanya. Mashine pamoja na kichujio ni shilingi 12,000,000, muda ni miaka mitatu, yaani miezi 36, basi 333,333 kwa mwezi. Hesabu hiyo ina makosa mawili yanayovutana. Inasahau kwamba pesa ikikaa benki inazaa riba, na inasahau kwamba bei ya leo haitakusubiri miaka mitatu.

Tuanze na bei, maana ndiyo inayoumiza zaidi. Mfano wetu ni msindikaji mdogo wa Kibaigwa aliyepewa profoma ya milioni 12 leo. Tukichukua kwamba bei inapanda asilimia 4 kwa mwaka, baada ya miaka mitatu ni 12,000,000 mara 1.04 mara 1.04 mara 1.04, ambayo ni 13,498,368. Tunaifanya 13,500,000. Hilo ndilo lengo. Akilenga milioni 12 atafika kwa muuzaji akiwa na milioni 12 kamili na atapungukiwa milioni moja na nusu, ingawa hakukosa kuweka hata mwezi mmoja. Kwa mashine inayoagizwa nje, asilimia 4 huenda ikawa ndogo, kwa sababu bei inafuata pia thamani ya dola. Muulize muuzaji aliuza kwa bei gani miaka miwili iliyopita, kisha uchague asilimia yako.

Sasa riba. Tuseme benki inatoa asilimia 6 kwa mwaka kwenye akaunti ya akiba ya malengo. Hiyo siyo yote yako. Riba ya amana hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla haijaingia kwenye akaunti, kwa hiyo mkononi inabaki asilimia 5.4 kwa mwaka. Ukigawanya kwa 12 unapata asilimia 0.45 kwa mwezi, na kwenye kikokotoo inaandikwa 0.0045.

Kanuni yenyewe ni hii. M ni kiasi cha kuweka kila mwezi, L ni lengo, r ni riba ya mwezi na n ni idadi ya miezi:

```
M = L × r / ((1 + r)^n − 1)
```

Inavyofanya kazi si fumbo. Kila unachoweka kinazaa riba kwa muda tofauti. Kanuni inachukulia kwamba unaweka mwisho wa mwezi, kwa hiyo pesa ya mwezi wa kwanza inazaa kwa miezi 35, ya mwezi wa pili kwa miezi 34, na ya mwezi wa 36 haizai kitu. Badala ya kukokotoa mistari 36 na kuijumlisha, sehemu ya chini ya kanuni, ikigawanywa kwa r, inakupa jumla yote kwa mkupuo: shilingi moja kila mwezi itakuwa shilingi ngapi mwishoni.

Kwenye simu, fungua kikokotoo na uilaze simu ili vitufe vya ziada vitokee. Andika 1.0045, bonyeza kitufe cha kipeo (x na y ndogo juu yake), andika 36, kisha alama ya sawasawa. Itatokea 1.17543 na tarakimu nyingine nyuma yake. Usizifute. Toa 1, gawanya kwa 0.0045, upate 38.9851. Hiyo ndiyo shilingi moja ya kila mwezi iliyokua miezi 36. Mwisho gawanya 13,500,000 kwa 38.9851 na jibu ni 346,286 kwa mwezi. Mwenye kompyuta aandike hivi kwenye Excel, jibu litakuwa lile lile:

```
=PMT(0.0045,36,0,-13500000)
```

Alama ya kutoa mbele ya lengo inafanya jibu litoke bila alama hiyo. Ukiisahau hesabu haiharibiki, ila jibu litaonekana kama deni.

Kwa kugawanya tu ingekuwa 375,000. Msindikaji wetu ataweka jumla ya 12,466,296 mfukoni mwake, na 1,033,704 italetwa na riba. Pesa ya mwezi wa kwanza peke yake itakuwa imefika 405,213.

Makosa tunayoyakuta kwenye daftari za wateja ni yale yale. La kwanza ni kuingiza riba ya mwaka mahali pa riba ya mwezi, yaani 0.054 badala ya 0.0045. Jibu linatoka kama 129,000 na linafurahisha, lakini ukiweka hiyo utaishia na takriban milioni 5. Namna ya kulikamata: zidisha jibu kwa 36. Kwa riba ya asilimia tano au sita na miaka mitatu, jumla unayoweka mwenyewe lazima iwe chini ya lengo kidogo tu. Ikitoka milioni 4 na nusu kwa lengo la milioni 13 na nusu, kuna kitu umekosea.

La pili ni kukata tarakimu katikati ya hesabu. Ukiandika 1.18 badala ya 1.17543, jibu linashuka hadi 337,500, na mwisho wa safari utapungukiwa zaidi ya 342,000. Zungusha tarakimu mwishoni tu, na uzungushe kwenda juu: weka 347,000.

Kusahau kodi ya zuio kunaonekana kidogo. Kwa asilimia 6 kamili jibu ni 343,196, tofauti ya shilingi elfu tatu tu kwa mwezi, lakini mwishoni itapungua 120,000 na ushee. Makato ya akaunti ya kila mwezi, kama yapo, yajumlishe juu ya kiasi unachoweka.

Kama una pesa ya kuanzia, usiitoe kwenye lengo jinsi ilivyo. Milioni 2 ikikaa miezi 36 inakuwa 2,350,866. Toa hiyo kwenye lengo, inabaki 11,149,134, gawanya kwa 38.9851, na mchango wa mwezi unashuka hadi 285,984.

Halafu kuna mwezi wa kukosa, ambao kwa biashara ya mazao huku kwetu ni kawaida, hasa Januari hadi Machi kabla alizeti mpya haijaingia. Tuseme umekosa mwezi wa 10 tangu uanze kuweka. Pengo si 346,286, maana pesa hiyo ingezaa miezi 26 iliyobaki na kuwa 389,165. Gawanya kwa 27.5165, ambayo ni shilingi moja ya miezi 26, unapata 14,143. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa 11 weka 360,429 badala ya 346,286. Ukijua tangu mwanzo kwamba miezi mitatu kila mwaka hutaweka kitu, kanuni hii haikufai, kwa sababu inataka kiasi sawa kila mwezi. Hapo tunatengeneza jedwali la mstari kwa kila mwezi, Juni na Julai zikibeba mzigo mkubwa.

Ukija ofisini kwa kazi hii, njoo na profoma ya mashine, barua au kipeperushi cha benki chenye riba ya akaunti unayotaka kufungua, na daftari la mauzo la miezi 12 iliyopita. Jedwali linakamilika siku hiyo hiyo.