Graniti ya Kaunta, Kokoto za Zege: Jiwe Lilelile, Dozi Mbili Tofauti

Mama mmoja alifika karakanani kwetu na kipima mionzi alichoagiza mtandaoni, kidude cha ukubwa wa simu. Alikuwa ameshalipia nusu ya bei ya kaunta ya jiko, graniti ya waridi yenye madoa meusi. Akakilaza kipima juu ya slabu, kikaanza kulia ti-ti-ti, namba ikapanda hadi mikrosivati 0.38 kwa saa. Akanigeukia: "Baba, hili si jiwe, huu ni ugonjwa."

Sikubishana naye. Nilichukua ubao wa kukatia mboga, mnene kama vidole viwili, nikauweka kati ya jiwe na kipima. Namba ikashuka karibu nusu. Tukakiinua hadi usawa wa kifua, ikarudi 0.14, karibu sawa na alichokuwa amesoma getini kabla ya kuingia. Ubao wa mbao hauzuii mionzi ya gama, lakini beta unaizuia vizuri. Vipima vingi vya bei nafuu vinahesabu beta na gama kwa pamoja, kisha vinaandika mikrosivati kana kwamba zote ni gama. Ukikigusisha na jiwe, unasoma beta za uso wa jiwe, ambazo kwa mtu aliyesimama anakata vitunguu hazifiki mbali.

Hata hivyo swali lake lilikuwa la haki. Graniti ina urani, thoriamu na potasiamu kuliko mawe mengi. Anayetaka jibu anahitaji vipimo vya maabara na hesabu fupi, na hesabu yenyewe anaweza kuifanya nyuma ya risiti.

Maabara nyingi za miamba huandika urani na thoriamu kwa sehemu kwa milioni, na potasiamu kwa asilimia. Mionzi haihesabiwi hivyo. Inahesabiwa kwa bekereli, yaani atomi ngapi zinavunjika kila sekunde katika kilo moja ya jiwe. Kubadilisha ni kuzidisha tu: sehemu moja kwa milioni ya urani ni bekereli 12.35 kwa kilo, ya thoriamu ni 4.06, na asilimia moja ya potasiamu ni 313. Tuchukulie jiwe la waridi lenye urani 6, thoriamu 30 na potasiamu asilimia 4.2, viwango visivyo vigeni kwa graniti. Tunapata radiamu 74 (mtoto wa urani, ndiye tunayemhesabu), thoriamu 122 na potasiamu 1,315.

Usishtuke kwa hiyo elfu moja na mia tatu. Bekereli moja ya potasiamu haina nguvu sawa na bekereli moja ya thoriamu. Potasiamu-40 hutoa gama katika takriban mvunjiko mmoja kati ya kumi, wakati nyuma ya thoriamu kuna mlolongo mzima wa watoto wanaotoa gama, mmojawapo wa nguvu kubwa sana. Ndiyo sababu wataalamu walitafuta namna ya kuzileta zote tatu kwenye kipimo kimoja, na kipimo hicho wakakiita usawa wa radiamu:

```
Ra_eq = Ra + 1.43 × Th + 0.077 × K
```

Kwa jiwe letu: 74 + 174 + 101, jumla 349. Kikomo kinachotumika sana ni 370, kwa hiyo limepita, ila kwa pua.

Watu huuliza kwa nini 370 na si 400. Namba hiyo imetoka kwenye kipimo cha zamani, kyuri. Waliopendekeza kikomo walisema jiwe lisizidi pikokyuri 10 za radiamu kwa gramu, au 7 za thoriamu, au 130 za potasiamu, kwa kuwa kila moja ikiwa peke yake inatoa dozi ya gama ileile. Ukizibadilisha kuwa bekereli kwa kilo unapata 370, 259 na 4,810. Gawanya 370 kwa 259, umepata 1.43, gawanya kwa 4,810, umepata 0.077. Lengo lilikuwa dozi ya gama ya mwaka mzima isizidi miligrei 1.5. Grei hupima nishati ya mionzi inayomezwa, sivati hupima athari yake mwilini.

Angalia pia ni nani aliyebeba mzigo katika jiwe letu. Urani, ambayo ndiyo jina linalowatisha wateja, imechangia 74 tu, kama moja ya tano. Nusu nzima imetoka kwa thoriamu. Kwenye graniti huwa hivyo mara nyingi, na anayepima urani peke yake anaweza kulisifu jiwe ambalo angelikataa kama angesoma mstari wa pili wa ripoti.

Sasa, 349 inatuambia nini kuhusu nyumba? Kidogo sana, na hapa ndipo biashara yetu inapotofautiana na wauzaji wanaobandika namba moja kwenye slabu. Usawa wa radiamu ni sifa ya jiwe. Dozi ni sifa ya chumba: jiwe kiasi gani, limekaa wapi, na wewe unakaa humo saa ngapi.

Mwongozo wa Tume ya Ulaya wa mwaka 1999 ulifanya hesabu ya chumba cha mfano cha mita 4 kwa 5, urefu mita 2.8, chenye zege la sentimita 20, na ukatoa vizidisho kwa hali mbalimbali. Tuanze na ile inayomhusu mama wa kaunta. Ukibandika slabu za sentimita 3 kwenye kuta zote za chumba, kila bekereli ya radiamu inaongeza nanogrei 0.12 kwa saa, ya thoriamu 0.14, ya potasiamu 0.0096. Jiwe letu linatoa takriban nanogrei 39 kwa saa. Ukikaa humo asilimia 80 ya mwaka, ni kama milisivati 0.19. Na hizo ni kuta zote nne! Kaunta ya mita mbili na nusu haifikii hapo hata kwa mbali. Mama aliichukua kaunta yake, na kipima nadhani bado anatembea nacho.

Mambo hubadilika jiwe lilelile likisagwa kokoto. Hapo haliko tena kwenye uso wa ukuta, limeenda ndani ya zege. Kokoto ni kama nusu ya uzito wa zege. Nusu nyingine ni mchanga, saruji na maji. Tuseme hiyo nusu nyingine ina radiamu 20, thoriamu 20 na potasiamu 250. Zege lenyewe linakuwa na 47, 71 na 782, na usawa wa radiamu unashuka hadi 209. Kwa kikomo cha 370, kila mtu anapumua.

Lakini tukokotoe dozi. Nyumba nyingi kwetu huku zina sakafu na kuta nzito na juu ni mbao na bati. Vizidisho vya chumba kisicho na zege juu ni hivi, jibu likiwa nanogrei kwa saa:

```
D = 0.67 × Ra + 0.78 × Th + 0.057 × K
```

Yaani 31 + 55 + 45, jumla 131 na ushee. Zidisha kwa saa 8,760 za mwaka, kwa 0.8 ya muda wa ndani, kwa 0.7 ya kugeuza grei kuwa sivati, ugawanye kwa milioni: milisivati 0.64 kwa mwaka. Ukiwa ghorofani, zege likiwa chini ya miguu na juu ya kichwa, vizidisho vinapanda hadi 0.92, 1.1 na 0.080, nanogrei zinakuwa 184, na mwaka unakupa milisivati 0.90. Wastani wa dunia ndani ya nyumba unatajwa kuwa nanogrei 84 kwa saa.

Kwa hiyo kokoto zenye usawa "salama" wa 209 ndani ya zege zinampa mkaaji wa ghorofa dozi mara nne na zaidi ya graniti yenye 349 iliyobandikwa ukutani. Hakuna hata mteja mmoja aliyewahi kutuuliza kokoto zake zimetoka machimbo gani.

Hesabu hii ina ukarimu wake. Sehemu ya gama hiyo ungeipata hata ukilala nje, kutoka ardhini, na sakafu ya zege inaizuia. Mwongozo uleule wa Ulaya huondoa nanogrei 50 kwa sababu hiyo kabla ya kulinganisha na kikomo cha milisivati 1 kwa mwaka. Nyumba yetu ya bati ikiondolewa hizo 50 inabaki na milisivati 0.40. Na tofali za inchi sita zenye matundu si zege zima la sentimita 20, kwa hiyo dozi halisi ni pungufu zaidi.

Mahali ambapo hatuna ukarimu ni mawe ya fosfeti. Fosfeti ya Minjingu, Manyara, inajulikana kwa urani nyingi. Radiamu yake inahesabika kwa maelfu ya bekereli kwa kilo, si makumi. Mabaki ya mwamba wa namna hiyo yakiingia kwenye kokoto au kifusi cha sakafu, hakuna kizidisho cha kuyaokoa. Vivyo hivyo mawe yenye thoriamu nyingi kutoka sehemu kama kilima cha Mrima, kule Kwale.

Fosfeti pia ina mtego kwenye ripoti. Kanuni ya kuzidisha urani kwa 12.35 inadhani urani na radiamu bado wako pamoja. Kwenye jiwe gumu ambalo halijaoza huwa hivyo. Lakini jasi inayobaki baada ya kutengeneza mbolea imeshapita kwenye asidi: urani imeondoka na asidi, radiamu imebaki kwenye jasi. Ukitumia urani kukisia radiamu, utaandika namba ndogo ya kupendeza kwenye bodi ya dari yenye radiamu tele. Kwa jasi, na kwa majivu ya makaa, tunakataa ripoti ya urani peke yake na kudai kipimo cha gama.

Kipimo hicho kina subira yake. Sampuli inasagwa, inakaushwa, inafungwa kwenye chombo kisichopitisha hewa na kuachwa wiki nne. Gama za kuaminika za tawi la radiamu hutoka kwa risasi-214 na bismathi-214, ambazo huzaliwa baada ya radoni, na radoni ni gesi. Chombo kikivuja au kikipimwa siku ya tatu, radiamu inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ripoti isiyoonyesha tarehe ya kufunga na tarehe ya kupima tunairudisha.

Ukitaka tukupimie, tuletee kilo moja na nusu ya kokoto zilizochotwa sehemu mbalimbali za lundo, si kutoka juu tu, au kipande cha slabu cha ukubwa wa viganja kadhaa. Tunapeleka maabara, tunakurudishia namba tatu za bekereli, usawa wa radiamu, na dozi kwa chumba chako kama kilivyo kwenye ramani: unene wa ukuta, bati au zege juu. Radoni inayotoka ukutani haimo kwenye hesabu hii. Hiyo hupimwa kwa kifaa kinachoachwa chumbani miezi mitatu, na kwa sasa hatutoi huduma hiyo.