Barua kwa mwanangu kabla ya Alhamisi

Mwanangu,

Mamako hajambo, ni goti tu. Mpango wa siku tisini ulioandika kwa ajili ya mahojiano yako ya kazi Alhamisi, kwenye ile ofisi ya kutoa mizigo bandarini, nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani yake. Kurasa sita, mwanangu! Mtu akikuuliza "ukipewa kazi hii utaanza na nini?" anataka maneno ya dakika mbili tatu na karatasi moja ya kubaki nayo. Umeandika vizuri, siwezi kukataa, hata jirani nimemwonyesha. Lakini ofisi ile hujaikanyaga, na ukurasa wa kwanza tayari unahamisha makarani na kuleta mfumo mpya wa kompyuta. Umejuaje kama waliopo ndio wenye kosa? Huenda aliyewapanga hivyo ndiye atakayekuwa amekaa mbele yako.

Na hii "nitapunguza ucheleweshaji kwa asilimia 40". Arobaini ya nini? Hujapima, halafu unaahidi.

Ulisema tangazo lao lilitaja kontena kukawia bandarini na ada ya kuhifadhi kupanda. Basi shika hilo peke yake. Siku 30 za kwanza, waambie utaomba faili 20 za kontena zilizokwisha kutoka, za karibuni, kwa mfululizo. Usichague zilizoharibika tu, utapata ulichokwenda kukitafuta. Kila faili uandike tarehe zake: hati za mteja zilipofika, kontena liliposhushwa melini, ushuru ulipolipwa, wakala wa meli alipotoa kibali cha kuliachilia, lilipopita getini. Palipo na pengo kubwa baina ya tarehe mbili ndipo siku zinapopotelea. Uchelewaji uuhesabu tangu kontena kushushwa, usije ukaitwika ofisi makosa ya meli. Na zile ambazo forodha ilitaka kuzifungua na kuzikagua, ziweke kando, hazilinganishwi na nyingine.

Tuseme, ni mfano tu, kati ya hizo 20 zilizopita siku za bure, zile za kukaa bandarini kabla ada haijaanza, ni 12. Katika hizo 12, tisa ushuru ulilipwa mapema, lakini kibali cha wakala kikaja siku tatu baadaye. Ukiuliza, unaambiwa wakala hatoi kibali kabla hajalipwa, na malipo yake hungoja saini ya mkubwa mmoja ambaye kila wiki yuko Nairobi. Huo mfumo wako mpya ungesaidia nini hapo? Basi siku ya 31 hadi 60 unajaribu kwa mteja mmoja: malipo ya wakala yaandaliwe na kutiwa saini kabla meli haijafika. Siku 30 za mwisho unalinganisha faili za mteja yule na za wengine, unawapelekea hesabu. Kama hakuna tofauti, useme hakuna. Faili za mteja mmoja kwa mwezi ni chache, nalo uliseme mwenyewe kabla hawajakuuliza.

Kwenye karatasi, kwa hiyo, siku 30 za kwanza ziwe na mambo kamili, na zinazofuata ziandikwe kwa "nikikuta". Nikikuta tatizo ni saini, nitajaribu hivi. Nikikuta ni hati za mteja zinazochelewa, nitajaribu vile. Karatasi usiitoe mpaka swali liulizwe. Ukimaliza kusema, waulize wao wangependa siku ya 90 waone nini kimebadilika. Hapo ndipo utajua kama mlikuwa mnazungumza jambo moja.

Utasema baba ana woga. Mwaka niliopewa kiti nilikuta tarishi akitumwa kwa wakala mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri. Wiki ya kwanza tu nikakata safari ya alasiri, eti naokoa nauli. Karani mzee alinitazama, hakusema neno, na mimi sikumuuliza. Kumbe vibali vingi vilikuwa vikitoka mchana. Vikawa vinalala kule hadi kesho yake, na Ijumaa vinalala hadi Jumatatu. Ada tuliyolipa mwezi ule sitaki kuitaja, mamako anaikumbuka. Yule mzee aliacha kazi kabla ya mwaka kwisha. Hata hivyo ofisi ilikuwa na mambo mengi, si mimi peke yangu.

Basi usiahidi kabla hujapima. Najua nimeshasema.

Ile shati nyeupe upige pasi Jumatano usiku, stima zisije zikatuchezea. Ukitoka Likoni asubuhi usitegemee feri ya saa moja, vuka mapema, heri ukae ukingoje huko. Bomba la uani linavuja tena na fundi anataka pesa kabla hajaliangalia, naye ni kama wewe. Nduguyo atakuletea mbaazi na mahamri kesho. Debe ulirudishe, la mwezi uliopita mamako bado analiulizia.

Babako